Ndege ikifutwa Entebbe, ulizeni sababu

Tangu nihamie Ubelgiji nimezoea jambo moja: ndege ikifutwa, abiria wanauliza chanzo kabla ya kuuliza hoteli. Huku chanzo kina bei.

Safari yangu ya Brussels kwenda Entebbe ilifutwa asubuhi ile ile ya kuondoka kwa sababu pampu ya haidroli iliharibika, tukaondoka kesho yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria wa safari inayozidi kilomita 3,500 fidia ya euro 600 katika hali kama hiyo, ila shirika likithibitisha kwamba kulitokea jambo lisilo la kawaida lisiloweza kuepukika. Shirika lilidai kwamba hitilafu haitabiriki. Lakini Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Wallentin-Hermann dhidi ya Alitalia, kwamba ubovu wa ndege kwa kawaida ni sehemu ya kazi ya kuendesha ndege, hivyo hausamehe fidia. Nililipwa.

Kama ingekuwa theluji imefunga uwanja, zile 600 nisingezipata. Hata hivyo chakula, hoteli, na hiari ya kurudishiwa nauli au kupewa ndege nyingine vingebaki haki yangu. Hali ya hewa inafuta fidia tu, haifuti huduma.

Sasa tuje nyumbani. Shemeji yangu, mfanyabiashara wa Kikuubo, aliambiwa Entebbe kwamba ndege yake ya Nairobi imefutwa kwa "hali ya hewa", huku akiziona nyingine zikiruka. Hilo pekee halithibitishi uongo, maana dhoruba inaweza kuwa Nairobi, au iliikwamisha ndege yenyewe ilikotoka. Ila linakaguliwa. Taarifa za hali ya hewa za viwanja, zinazoitwa METAR, ziko wazi mtandaoni: tafuta HUEN kwa Entebbe na HKJK kwa Nairobi. Ukiona `TSRA` ni radi na mvua, `FG` ni ukungu. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo.

Uganda imo katika Mkataba wa Montreal wa safari za ndege za kimataifa, na Kifungu cha 19 kinaliwajibisha shirika kwa hasara inayoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara. Kwenye dhoruba ni rahisi kujitetea hivyo. Kwenye pampu iliyokufa itabidi lieleze matengenezo yake. Tatizo ni kwamba mkataba hauweki kiasi maalumu: shemeji lazima athibitishe kila shilingi kwa risiti, na kwa gharama za wakili wengi wanaacha.

Hapo ndipo ninapoona tunaonewa. Anayetoka Entebbe kwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya analindwa na ile 261. Jirani yake anayepitia Ghuba kwa shirika la huko halindwi nayo. Ningependa Jumuiya ya Afrika Mashariki iweke kiasi maalumu kwa ubovu wa ndege, na ilazimishe sababu iandikwe. Kwa sasa, ombeni maandishi hayo pale pale kaunta, kabla hamjaondoka.