Nani avae hedifoni? Lugha tatu ndani ya ukumbi mmoja Moshi

"Tunaandaa kongamano la kahawa la siku moja hapa Moshi. Watu 150: wakulima 110, watumishi wetu 20, wageni 12 wa Kiingereza na wanane wa Kifaransa. Nusu ya kamati inataka vibanda vya wakalimani na hedifoni kwa kila mtu. Nusu inasema mkalimani asimame tu mbele pamoja na msemaji. Tuchukue lipi?"

Nianze na wanaotaka mkalimani asimame mbele, kwa sababu mara nyingi hoja yao hupuuzwa eti ni ya kubana matumizi tu. Ina uzito zaidi ya hapo. Mkalimani akisimama pembeni ya msemaji, sauti yake inatoka kwenye spika za ukumbi na hakuna anayebaki nje kwa sababu kifaa chake kimeisha betri. Umeme ukikatika, jenereta dogo la spika linatosha. Tena mkulima anayefuatilia maelezo ya kupambana na magonjwa ya kahawa kama chulebuni au kutu ya majani anapata nafasi ya kuandika kipimo cha dawa wakati sentensi inarudiwa. Kwa mafunzo, mwendo huo wa polepole una faida.

Gharama yake ni muda. Chukueni ratiba ya kawaida, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Hizo ni saa saba. Ondoeni chai nusu saa, chakula saa moja, ufunguzi nusu saa, zinabaki saa tano. Kila neno likisemwa mara mbili, maudhui halisi ni saa mbili na nusu. Mkiongeza Kifaransa, kila neno linasemwa mara tatu, na siku nzima inabeba saa moja na dakika arobaini za mazungumzo. Mada hazitapunguzwa, maana wasemaji wameshaalikwa. Kitakachopunguzwa ni maswali ya wakulima, kwa kuwa ndiyo yaliyowekwa mwisho. Kongamano la wakulima ambalo wakulima hawakupata kuuliza halijafanyika, hata kama picha zimepigwa.

Upande wa vibanda una jibu la tatizo hilo. Katika ukalimani wa papo hapo, mkalimani anakaa kwenye kibanda kisichopitisha sauti, anamsikia msemaji kwa hedifoni na kuzungumza huku msemaji akiendelea. Mgeni anachagua lugha kwenye kipokezi chake. Muda hauongezeki. Lakini kazi hiyo inachosha akili upesi, kwa hiyo kila kibanda kinahitaji watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Anayewaambia mkalimani mmoja atamudu siku nzima peke yake anawauzia matatizo. Asubuhi atakuwa mzuri, ila baada ya chakula ataanza kufupisha, kisha ataacha tarakimu. Wageni hawatajua wamekosa nini, maana sauti bado inasikika.

Swali la kamati limeegemea kwenye vifaa. Mimi ningeanza na swali jingine: msemaji wa jukwaani atatumia lugha gani? Hilo ndilo linaloamua idadi ya vipokezi. Jukwaa likiwa la Kiingereza, wakulima 110 wanahitaji hedifoni, na mtahitaji meza ya kugawa, watu wa kupokea vitambulisho kama dhamana, na nusu saa ya foleni asubuhi. Jukwaa likiwa la Kiswahili, wanaohitaji hedifoni hawazidi 20. Ukumbi ni uleule na watu ni walewale, lakini bajeti ya vifaa inashuka sana. Nimeona kamati nyingi zikiweka jukwaa kwa Kiingereza kwa heshima ya wageni 12, halafu zikashangaa bei ya kuwatafsiria watu 110.

Kuna wanaopinga, nami nawaelewa. Wanasema mgeni aliyetoka mbali ndiye mwenye elimu mpya, na akisikika kwa mkato mkutano umepoteza shabaha. Wengine wanahofia kwamba mfadhili ataona amewekwa pembeni. Hoja ya kwanza ni nzito kwelikweli. Ya pili haina nguvu sana: mgeni mwenye hedifoni inayofanya kazi hajisikii ametengwa, ila mkulima anayesinzia mbele ya hotuba asiyoielewa ametengwa mchana kweupe.

Hata hivyo, kabla ya kupanga lolote, ule mstari wa "wageni wanane wa Kifaransa" unahitaji kuangaliwa upya. Umetoka wapi? Mara nyingi hutokana na nchi iliyoandikwa kwenye pasipoti. Mtu wa Goma au Bukavu anatoka nchi ya Kifaransa, lakini Kiswahili kipo mdomoni mwake tangu utotoni. Wengi wa Bujumbura nao wanakisikia vizuri. Kwenye fomu ya usajili wekeni maswali mawili yanayojitegemea: utapenda kusikiliza kwa lugha gani, na utapenda kuzungumza kwa lugha gani? Majibu hutofautiana. Yupo atakayesikiliza Kiswahili bila shida lakini mada yake ataitoa kwa Kifaransa, kwa sababu hesabu na istilahi za kazi alisomea humo. Tuseme fomu zikirudi mnakuta watano kati ya wale wanane wanasikiliza Kiswahili, na watatu tu wanahitaji Kifaransa.

Watatu hawahitaji kibanda. Mkalimani anakaa nyuma yao na kuwanong'oneza. Njia hii inafaa kwa watu wawili watatu, lakini nayo inataka wakalimani wawili, na wakae pembeni ya ukumbi wasiwasumbue jirani. Wakifika watano au sita, tumieni vile vifaa vidogo vya waongoza watalii: mkalimani anashika maiki ndogo na wasikilizaji wanavaa kipokezi. Udhaifu wake ni kwamba mkalimani anategemea masikio yake tu katikati ya kelele za ukumbi. Mwekeni karibu na spika.

Jambo la kuuliza mapema ni kama mkalimani wa Kifaransa anakielewa Kiswahili moja kwa moja. Kama sivyo, atasubiri Kiingereza cha mwenzake wa kibandani, kisha atafsiri tafsiri. Arusha iliujua uzito huo. Katika miaka ya mwanzo ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, shahidi alizungumza Kinyarwanda, maneno yake yakatafsiriwa kwa Kifaransa, na kutoka kwenye Kifaransa hicho yakaingia Kiingereza. Kila hatua inaongeza kuchelewa, na kosa la mkalimani wa kwanza linarithiwa na wa pili. Kwenye kongamano la kahawa hakuna atakayefungwa kwa kosa hilo, lakini kipimo cha dawa kikikosewa kinaishia shambani.

Kwa hiyo mkiniuliza, ningegawa kazi kwa kuangalia tafsiri inaelekea wapi. Inapotoka Kiswahili kwenda kwa wachache, iwe papo hapo: kibanda kimoja cha Kiingereza chenye wakalimani wawili, vipokezi vya wageni 12 na vichache vya akiba, na mnong'ono kwa wale watatu. Inapotoka Kiingereza kwenda kwa wakulima, mmoja wa wakalimani hao hao atoke kibandani, asimame jukwaani, na sauti yake itoke kwenye spika. Hakuna mkulima anayevaa chochote.

Hesabu yake ni hii. Tuseme wageni watatu wa Kiingereza wana mada za dakika 15 kila mmoja. Kwa kurudiwa zinakuwa dakika 90 badala ya 45. Katika zile saa tano zinabaki saa tatu na nusu, ambazo Kiswahili kinaenda kwa mwendo wake wa kawaida. Mmepoteza dakika 45 tu, na jumla ya maudhui ni saa nne na robo. Kumbukeni zile saa mbili na nusu za kurudia kila kitu. Ila mwambieni mgeni mapema kwamba dakika 15 zake ni 15 za kuzungumza yeye mwenyewe, na asimame baada ya kila sentensi mbili tatu. Msemaji anayetiririka dakika tano bila kupumua anamlazimisha mkalimani kutoa muhtasari.

Mpango huu una mahali unapovunjika, na mara nyingi ni kwenye maswali. Mkulima anasimama safu ya nyuma na kuuliza kwa sauti kubwa. Ukumbi mzima unamsikia, lakini kibandani hakuingii kitu, kwa sababu mkalimani anasikia kinachopita kwenye maiki tu. Wageni wanaona watu wakicheka bila kujua kwa nini. Wekeni vijana wawili wenye maiki zisizo na waya, na mshereheshaji asimruhusu mtu kuzungumza kabla maiki haijamfikia, hata kama ni mzee wa heshima. Katika mkutano mmoja niliohudhuria Moshi, mshereheshaji alikuwa akisema "Subiri maiki, baba, wageni wetu wakusikie," na baada ya mara tatu ukumbi wenyewe ukaanza kukumbushana.

La pili ni maandalizi ya wakalimani. Wapelekeeni mada wiki moja kabla, pamoja na orodha fupi ya maneno ya kazi: chulebuni, kahawa ya maganda, majina ya dawa, vifupisho vya vyama vya msingi. Mkalimani hodari wa mikutano ya siasa anaweza kukwama kwenye neno ambalo kila mama wa Machame analijua.

Na kama mnafikiria hema badala ya ukumbi, muulizeni fundi mitambo kama vipokezi vyake vinatumia miale ya infraredi au mawimbi ya redio. Infraredi haipiti ukuta, jambo zuri kwa faragha, lakini jua kali linaivuruga. Kwenye hema au ukumbi wa madirisha makubwa chukueni vya redio. Jaribuni saa ileile jua litakapokuwa limeingia, mkikaa viti vya pembeni. Kujaribu usiku wa kuamkia hakuwaambii kitu.

Fomu zikirudi na picha tofauti, kwa mfano wageni 50 wasiosikia Kiswahili na mada nane za Kiingereza, msimamo wangu unabadilika. Mada nane za dakika 15 zikirudiwa zinameza saa nne kati ya zile tano. Hapo wenzenu wa vibanda na hedifoni kwa kila mtu wako sahihi, na fedha ya vipokezi itafutwe kabla ya fedha ya mapambo.