Gadeni livu si fungate: mshahara unaendelea, na kazi bado inakufunga

Siku hizi kampuni za Dar es Salaam, hasa benki, bima na za mizigo, zina mtindo mmoja. Meneja akiwasilisha barua ya kuacha kazi na ikajulikana anahamia kwa mshindani, hafiki hata kwenye meza yake mchana huo. Anaambiwa arudishe laptopu na kadi ya mlangoni, akae nyumbani mpaka notisi iishe, na mshahara ataendelea kupata. Watu wa ofisi wanaiita gadeni livu. Wengine wanampongeza kwa kulipwa bure. Mimi naona pongezi hizo zinakuja mapema mno, maana sijaona eneo la ajira ambalo pande zote mbili hulichukulia kirahisi namna hii.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikutaja gadeni livu popote. Kifungu cha 41 kinasema mtu anayelipwa kwa mwezi apewe au atoe notisi isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kuongeza muda huo mradi uwe sawa kwa pande zote. Kifungu hichohicho kinamruhusu mwajiri kulipa fedha badala ya notisi. Kwa hiyo anayo njia mbili za kukuondoa haraka, na matokeo yake hayafanani hata kidogo. Akikulipa badala ya notisi, ajira imekwisha siku hiyo na kesho yake unaweza kuingia kwa mshindani. Akikuweka nyumbani, wewe bado ni mwajiriwa wake mpaka siku ya mwisho ya notisi, na huwezi kuanza kazi kwingine.

Ndiyo maana waajiri wanaipenda. Sheria yetu ya Mikataba imeyabana sana makubaliano ya kumzuia mtu asifanye biashara au kazi yake, kwa hiyo kipengele cha kumkataza asiende kwa mshindani baada ya ajira kuisha kina hatari ya kuanguka mbele ya hakimu. Lakini kumzuia mtu ambaye bado ni mwajiriwa wako ni jambo jingine. Miezi mitatu nyumbani inatosha bei zibadilike, wateja wazoeshwe sura mpya, na zabuni zilizokuwa mezani ziamuliwe.

Sina ugomvi na lengo hilo. Ugomvi wangu ni pale mwajiri anapotaka ulinzi huo kwa bei nafuu.

Chukua meneja wa mauzo anayelipwa mshahara wa shilingi 2,400,000 na posho ya nyumba 600,000, pamoja na kamisheni kwa kila mkataba anaoufunga. Notisi yake ni miezi mitatu, kuanzia Machi 1 hadi Mei 31. Ana siku 28 za likizo ya mwaka ambazo hajazitumia. Afisa utumishi anamwandikia kwamba katika miezi hiyo atakuwa nyumbani, na kwamba siku zake za likizo zitahesabiwa humo humo. Hapo ndipo mtu anapoibiwa bila kujua. Kifungu cha 41 kinakataza notisi kwenda sambamba na likizo inayotolewa na sheria hiyo. Siku zile 28 zinabaki kuwa deni, na analipwa pamoja na stahiki zake za mwisho. Kwa miezi mitatu anastahili shilingi 9,000,000 za mshahara na posho ya nyumba, na likizo inahesabiwa pembeni. Michango ya NSSF inaendelea kukatwa na kupelekwa, na bima ya afya, kama ipo kwenye mkataba, haipaswi kusimama Machi.

Fedha ya mafuta ambayo alikuwa akirudishiwa kwa safari za kuwaona wateja, hiyo hawezi kudai, maana hasafiri. Kamisheni ndiyo yenye utata. Mwajiri ndiye aliyemzuia asiuze, kisha anasema hakuuza kitu. Mkataba ukikaa kimya kuhusu hili, mtabishana hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa maoni yangu haki ni kulipa wastani wa miezi iliyotangulia, na jambo hilo liandikwe kabla mtu hajatoka getini.

Uingereza, ambako utaratibu huu umepigwa msasa mahakamani, kuna kesi ya William Hill dhidi ya Tucker ya mwaka 1998. Kampuni ya kamari ilitaka mtumishi wake akae nyumbani miezi sita. Mahakama ya Rufaa ikakataa, kwa sababu mkataba haukuwa na kipengele hicho na kazi yake ilikuwa ya ujuzi unaohitaji kutumika mara kwa mara. Haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ina mashiko hapa: kulipa mshahara peke yake hakumpi mwajiri ruhusa ya kumnyima mtu kazi. Kama mkataba wako hauna kipengele hicho, una haki ya kuuliza anakuweka nyumbani kwa msingi gani.

Sasa upande wa mfanyakazi, ambako nako kuna mchezo mbaya. Mtu akishaambiwa akae nyumbani, anazima simu na kwenda Bukoba. Mwajiri anampigia kumuuliza faili la mteja liko wapi, au anamwita kwenye makabidhiano, hapatikani wiki nzima. Kumbuka kwamba mfanyakazi anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi anaweza kukatwa kwenye stahiki zake fedha za kipindi hicho. Kukaa nyumbani kwa amri si kukataa kazi. Kutopatikana unapoitwa kunakaribia sana. Ukitaka kusafiri, andika barua pepe uombe ruhusa na utaje namba utakayopatikana.

Kupatikana nako kuna mipaka yake. Ni saa za kazi zilezile za mkataba, na taarifa ya kutosha kama unatakiwa kufika ofisini. Mwajiri aliyekuondolea laptopu na barua pepe hawezi kudai ripoti ya mauzo usiku wa manane. Na wewe usihudhurie hata kikao kimoja cha kampuni mpya, hata bila malipo, wala usimwandikie mteja kwamba utamkaribisha kule Juni. Ujumbe kama huo wa WhatsApp unaweza kugeuka ushahidi wa kuvunja uaminifu ukiwa bado mwajiriwa.

Kinachonitisha zaidi ya vyote ni amri ya mdomo. Bosi anasema nenda nyumbani tutawasiliana, mtu anakwenda, kisha baada ya wiki mbili anapokea barua ya utoro. Kwa kanuni zetu za utendaji bora, kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa kubwa la nidhamu. Bila karatasi, utathibitishaje kwamba ulitumwa? Kama hupewi barua, tuma barua pepe jioni hiyohiyo kutoka anwani yako binafsi: leo nimeelekezwa na fulani nisifike kazini hadi Mei 31, mshahara na marupurupu yakiendelea, nami nipo tayari kuitwa katika saa za kazi. Asipokanusha, una kitu mkononi.

Mwishoni, angalia tarehe kwenye cheti cha utumishi. Ajira imeisha Mei 31, si siku uliyorudisha kadi ya mlangoni. Wakiandika Machi 1, usisaini mpaka warekebishe, kisha ukahakiki NSSF kama michango ya Machi, Aprili na Mei imeingia.