Mshahara kama hatifungani: mwalimu na mwongoza watalii wagawe vipi akiba zao?

Ushauri unaotolewa mara nyingi kuhusu uwekezaji huanzia kwenye umri: kijana aweke zaidi kwenye hisa, na kadiri anavyokaribia kustaafu ahamie kwenye amana za benki na hatifungani, yaani mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba kwa vipindi maalumu. Ushauri huo unasahau mali ambayo kwa watu wengi walio kazini ni kubwa kuliko kiwanja, akiba na hisa zao zote zikijumlishwa, nayo ni mapato ya kazi ambayo bado hawajalipwa. Wanauchumi huiita mtaji watu. Ikiwa kweli ni mali, basi ina thamani na ina hatari zake, na haiwezekani kupanga akiba vizuri bila kuihesabu. Kinachobishaniwa ni iwapo mwenye kazi ya uhakika anapaswa kwa sababu hiyo kubeba hatari kubwa zaidi katika akiba yake kuliko mwenye kazi inayoyumba. Nadharia inasema ndiyo. Nakubaliana nayo katika mwelekeo, lakini nina shaka na ukubwa wa mabadiliko inayoyadai, hasa katika mazingira yetu ya Tanzania.

Tuwachukue watu wawili wa kufikirika mjini Arusha, wote wenye miaka 35. Mmoja ni mwalimu wa shule ya serikali na mwingine anaongoza watalii katika mbuga za kaskazini, akilipwa kwa safari pamoja na bakshishi za wageni. Tuseme kila mmoja hupata wastani wa shilingi milioni 12 kwa mwaka, kila mmoja ana akiba ya milioni 20, na wote wanatarajia kufanya kazi hadi miaka 60. Kwa macho ya mtaani ni watu wenye hali sawa.

Ili kujua thamani ya leo ya mapato ya miaka 25 ijayo, tunayapunguza kwa kiwango kinacholingana na mashaka yaliyomo ndani yake. Mshahara wa mwalimu huingia kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake, kwa hiyo tunaweza kuupunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, mfumuko wa bei ukiwa umeshaondolewa. Thamani yake ya leo inakuwa takriban milioni 169. Mapato ya mwongoza watalii hutegemea msimu, vita vya mbali, magonjwa na nauli za ndege, kwa hiyo ni haki kuyapunguza kwa kiwango cha juu zaidi, tuseme asilimia 12. Hapo thamani yake inashuka hadi takriban milioni 94. Viwango hivyo viwili nimevichagua mimi kwa ajili ya mfano, na mtu mwingine angeweza kuchagua vingine. Hata hivyo, tofauti ya milioni 75 kati ya watu wenye kipato kimoja inaonyesha jinsi uhakika wa kazi ulivyo na bei yake.

Sasa tuseme kila mmoja yuko tayari kuweka asilimia 15 ya utajiri wake wote, mtaji watu ukiwemo, katika mali zenye hatari ya aina ya hisa. Utajiri wa mwalimu ni milioni 189, na asilimia 15 yake ni kama milioni 28, kiasi kinachozidi akiba yake yote. Kwa hesabu hiyo angeweza kuweka milioni zote 20 kwenye hisa na bado asifikie kiwango chake. Mwongoza watalii ana utajiri wa milioni 114, na asilimia 15 yake ni milioni 17. Lakini kazi yake yenyewe ina tabia ya hisa. Tukihesabu theluthi moja tu ya mtaji watu wake kuwa ni hisa, tayari amebeba milioni 31 za hatari kabla hajanunua hisa hata moja. Akiba yake yote, kwa hesabu hiyohiyo, inapaswa kukaa mahali tulivu.

Hoja hii si ya kubuni mezani tu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.5, na mwaka 2020, baada ya safari nyingi za ndege duniani kusitishwa kwa ajili ya korona, idadi ilishuka hadi kama 620,000. Kwa mwongoza watalii, huo haukuwa mwaka wa mapato kupungua kidogo, kwani kwa miezi kadhaa karibu hakukuwa na safari. Mwalimu wa serikali aliendelea kupokea mshahara wake hata shule zilipofungwa.

Na hapa ndipo lilipo kosa ninaloliona likirudiwa na watu wa sekta ya utalii, kosa ambalo hesabu ya umri haiwezi kulionyesha. Mtu anayeongoza watalii akipata fedha hununua gari la safari ili alikodishe kwa makampuni, kisha hujenga vyumba vya wageni karibu na mji. Yeye anaamini ametawanya mali zake, kwa kuwa ana kazi, ana gari na ana nyumba. Ukweli ni kwamba vyote vitatu vina mteja mmoja. Mgeni asipokuja, safari hakuna, gari linalala na vyumba vinabaki vitupu, na akitaka kuliuza gari atakutana na wenzake wengi wanaouza magari ya aina hiyohiyo katika mwezi uleule. Kipimo rahisi ni kujiuliza: siku kazi yangu itakapokatika, mali gani kati ya nilizonazo zitakuwa zimeshuka bei pamoja nayo?

Upande wa pili una hoja nzito pia, na tuanze na mwalimu. Tukisema mshahara wake ni kama hatifungani, lazima tuseme ni hatifungani ya namna gani. Haifungamanishwi na mfumuko wa bei. Watumishi wa umma wanakumbuka miaka kadhaa iliyopita bila nyongeza ya jumla ya mishahara, mpaka mwaka 2022 ilipotangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 ya kima cha chini. Katika miaka kama ile ajira ipo palepale, lakini uwezo wa mshahara kununua unga na kulipa kodi ya nyumba unapungua polepole. Kiwango cha asilimia 5 nilichotumia, kwa hiyo, pengine kinampendelea mwalimu kuliko inavyostahili.

Jambo jingine ni kwamba mali hiyo inaweza kuwa imeshauzwa. Sheria haimruhusu mtu kuuza miaka 25 ya kazi yake, lakini mkopo wa mshahara unafanya jambo la karibu na hilo: benki inampa fedha leo na kukata rejesho kabla mshahara haujamfikia. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki baada ya makato. Mwalimu aliyekopa hadi mpaka huo kwa miaka kadhaa ameshapunguza sehemu kubwa ya ile hatifungani, na kumwambia ajaze hisa kwa sababu kazi yake ni salama ni kumhesabia mali ambayo iko mikononi mwa benki. Katika hali hiyo, kulipa deni mapema mara nyingi kutampa faida ya uhakika zaidi kuliko chochote atakachonunua sokoni.

Halafu kuna soko lenyewe. Nadharia hii, iliyotengenezwa na wanauchumi Bodie, Merton na Samuelson mwaka 1992, huchukulia kwamba hisa zinaweza kununuliwa na kuuzwa wakati wowote, na, katika umbo lake rahisi, kwamba hatari ya hisa haihusiani na mshahara. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, lina kampuni chache, na hisa za nyingine hukaa siku nyingi bila mnunuzi. Miongoni mwa zinazouzwa kwa wingi ni za benki za NMB na CRDB, ambazo nazo huwakopesha sana watumishi wa umma. Mwalimu anayenunua hisa za benki anapata sehemu ya faida inayotokana kwa kiasi fulani na mishahara ya walimu wenzake. Si sababu ya kuziacha, bali ni sababu ya kutozihesabu kama mali isiyohusiana kabisa na mwajiri wake.

Hata hivyo, hoja hiyohiyo ya kuhusiana, ukiifuata hadi mwisho, inarudi kuipa nguvu nadharia. Mwalimu anayeogopa hisa na kununua hatifungani ya serikali ya miaka 20 anakuwa na madai matatu kwa mdaiwa mmoja: mshahara unatoka Serikalini, pensheni ya PSSSF inachangiwa na Serikali kama mwajiri, na kuponi, yaani riba ya hatifungani, nayo inalipwa na Serikali. Sidhani kwamba Serikali itashindwa kulipa. Hatari iliyo karibu zaidi ni mfumuko wa bei, ambao ungeyapunguza madai yote matatu kwa pamoja, kwa kuwa yote yametajwa kwa shilingi. Hisa za kampuni inayouza saruji au bia, ambayo inaweza kupandisha bei zake, au kiwanja kisicho na mgogoro, zinampa kinga ambayo hatifungani ya nne au ya tano haiwezi kumpa.

Kwa kupima pande zote, mwalimu asiye na mkopo mkubwa ningemshauri aweke kama nusu ya ile milioni 20 katika hisa za kampuni tofautitofauti au mfuko wa pamoja wenye hisa ndani yake, kama Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, abakize milioni 3 au 4 zinazochukulika haraka, na zinazobaki ziende kwenye hatifungani. Asiziweke zote kwenye hisa, ingawa hesabu ya mwanzo inaruhusu. Mwongoza watalii yeye atenge kwanza matumizi ya mwaka mzima, tuseme milioni 8, kwenye mfuko wa ukwasi ambao fedha zake huchukulika haraka, kisha kiasi kikubwa cha kilichobaki kiende kwenye hatifungani za muda mfupi, za miaka 2 au 5. Za miaka 20 zina kuponi nzuri, lakini akilazimika kuziuza kabla ya wakati, bei atakayopewa itategemea riba za sokoni siku hiyo, na siku hiyo ndiyo hasa anayojikinga nayo. Gari la safari lingoje hadi awe na kitu nje ya utalii.

Mgawanyo huu haudumu. Mwalimu yuleyule akifika miaka 57, mishahara aliyobakiza ni ya miaka 3 tu, yenye thamani ya leo ya kama milioni 33, na ikiwa akiba imefikia milioni 80, asilimia 15 ya utajiri wake wote ni milioni 17. Hiyo ni kama moja ya tano ya akiba, si akiba yote kama ilivyokuwa katika hesabu ya miaka 35. Pensheni ya kila mwezi inapunguza ukali wa mabadiliko hayo, kwa kuwa ni hatifungani inayoendelea baada ya kazi kuisha. Mwongoza watalii anayelipwa kwa safari moja moja na asiyechangia NSSF hana kitu kama hicho, na kwake kila shilingi ya uzeeni itatoka kwenye ile akiba.