Mhadhiri, tuambie unafundishaje

Mdogo wangu anachagua kozi ya takwimu ya muhula ujao, akaniomba tusome pamoja wasifu wa wahadhiri wawili wa chuo kimoja hapa Dar. Wote wamejaza machapisho ukurasa mzima. Kuhusu kufundisha, mmoja hana neno. Mwingine ameandika: "Natumia mbinu shirikishi zinazomweka mwanafunzi katikati." Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana hata anayesoma slaidi saa mbili bila kuinua macho anaweza kuiandika.

Sawa, machapisho ndiyo yanayompandisha mtu cheo, simlaumu anayeyaweka. Lakini mwanafunzi anayekwenda kubanana na wenzake mia tatu ukumbini anataka kujua atakachokutana nacho humo.

Mhadhiri huyo angeweza kuandika hivi: "Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hukokotoa wastani bila shida, ila hawatambui ni lini unapotosha. Kwa hiyo nawapa mauzo ya siku moja ya mama lishe watano: shilingi 40,000, 45,000, 50,000, 55,000 na 310,000. Huyo wa mwisho alipata oda ya mkutano. Wastani ni 100,000, na wanne kati ya watano hawaufikii hata kwa karibu. Namba ya katikati ni 50,000. Kila kikundi kinamwandikia afisa mikopo sentensi moja: atumie namba ipi, na kwa nini. Tunazisoma sentensi hizo darasani kabla sijataja kanuni yoyote." Hapo nimeliona darasa. Nimejua wanafunzi hukwama wapi na mwalimu anafanya nini wanapokwama.

Halafu aseme walijifunza nini, na hapa ndipo wengi huteleza. "Idadi ya wanaopata sapu imepungua" haitoshi, kwa sababu huenda mtihani ulikuwa mwepesi au walioingia mwaka ule walikuwa na msingi mzuri. Atoe swali kama lile la mama lishe wiki ya kwanza, kisha alirudishe wiki ya mwisho likiwa na namba nyingine na habari nyingine. Aeleze wangapi walipatia mara ya kwanza na wangapi mara ya pili, akihesabu wale wale waliofanya yote mawili. Aseme pia wangapi waliacha kozi njiani, maana dhaifu wakiondoka, matokeo ya waliobaki yanapendeza bila mwalimu kuongeza chochote. Na akiri kwamba wengine wangeelewa hata bila yeye; mimi ningemwamini zaidi kwa kusema hivyo.

Fomu za tathmini za wanafunzi ziwepo, ila zinapima zaidi kama walimpenda.

Kwa wanaoandika tasnifu, aseme wangapi kati ya aliowasimamia wamemaliza kwa wakati, na rasimu hukaa mezani kwake wiki ngapi kabla ya kurudi na maoni. Kwa maelezo ya aina hii mdogo wangu angeshajua amfuate nani.