Mama Yupo, na Mimi Nimefiwa

Wiki iliyopita tulikuwa msibani mtaa wa pili, tumekaa mkekani, na mama mmoja ninayemheshimu sana akanishika goti akaniambia, "Wewe mwanangu mshukuru Mungu. Wako bado unamwona." Najua alinitakia mema. Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo mama yangu mzazi alikuwa ameniamkia. "Shikamoo," aliniambia, macho chini, kwa adabu kabisa, akidhani mimi ni marehemu dada yake mkubwa. Mimi, mwanawe wa nne, nikasimama na kikombe cha chai mkononi, sijui niitike nini.

Kwa hiyo naomba mnielewe ninaposema maneno yale yaachwe. Tunaouguza watu wenye ugonjwa wa kusahau tumefiwa, na kila tunapoambiwa tushukuru, tunanyang'anywa hata ruhusa ya kulia. Anayezika ana siku tatu za watu kukaa naye, ana arobaini, na mjane ana eda. Kilio chake kina mwanzo na watu wa kukipokea. Mimi nilimpoteza mama kidogokidogo kwa miaka sita na hakuna aliyeniletea hata sukari.

Kulianza kwenye upatu. Mama alikuwa kijumbe pale mtaani zaidi ya miaka ishirini, mahesabu yote kichwani, daftari la kutuliza roho za watu tu. Mwaka mmoja akamlipa mtu yuleyule mara mbili, na mwenye zamu yake akakosa. Wanawake wakasema amekula hela. Na sisi wanawe, Mungu atusamehe, tulimshuku kidogo. Leo najua kwamba fedha na mahesabu ni mahali ambapo ugonjwa huu hujionyesha mapema sana, wakati mtu bado anapika, anaswali na anapokea wageni vizuri. Tulilipa deni lile, yeye akaacha upatu, na ile ndiyo siku niliyopaswa kuanza kulia. Sikujua.

Mtaalamu wa Kimarekani, Pauline Boss, ndiye aliyeupa msiba wa namna hii jina. Miaka ya 1970 alikuwa akizungumza na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, watu wasio na mwili wa kuzika. Baadaye akaona hali ileile kwa familia za wagonjwa wa Alzaima. Kule mwili haupo na mtu bado amejaa nyumbani. Huku mwili upo na mtu ameondoka. Fikihi yetu iliutazama ule wa kwanza zamani. Kwa mke wa aliyepotea asijulikane alipo, Sayyidna Umar alihukumu angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Mlango upo. Kwa mimi ninayemwogesha mama kila asubuhi hakuna mlango wa aina hiyo, na sitaki uwepo, maana maana yake ingekuwa nimtoe akiwa hai.

Lakini kuna jambo moja hasa lililonifanya niandike, nalo ni baba.

Baba alikuwa kuli bandarini hapa Tanga na alifariki 2009. Kila jioni, jua likianza kushuka, mama anaanza kutembea toka mlangoni hadi dirishani. "Mbona baba yenu harudi?" Mwanzoni nilimwambia ukweli. Mama, baba alishakufa. Akaanguka kilio kama mtu aliyepigiwa simu muda uleule, akauliza kazikwa lini, kwa nini hatukumwambia. Kesho yake akauliza tena, nami nikamwambia tena, akalia tena vilevile. Nilimfisha baba mbele yake siku kumi na moja mfululizo kabla sijatambua ninachofanya. Sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya ndiyo imeharibika. Taarifa haibaki. Machungu ndiyo yanabaki: saa moja baadaye hajui analilia nini, na bado analia.

Kaka yangu anasema tusimdanganye mzee, ni dhambi. Tumegombana juu ya hili mpaka tukanuniana mwezi mzima. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ana hoja: mtu akizoea kumdanganya mgonjwa atafika kumdanganya hata kwa yale anayoyaelewa, na mama bado anaelewa mengi. Kwa hiyo simwambii baba yuko njiani. Namuuliza habari zake. Alikuwa anapenda kula nini akitoka kazini? Mama anasema mhogo wa nazi na papa, na kwamba alikuwa hapendi chumvi nyingi. Namwambia twende tukamenye mhogo. Anakaa, anamenya, mikono haijasahau kitu. Aliyekuwa akimtafuta amempata kwa muda. Siku hizi nawasha taa zote kabla ya magharibi na kuvuta mapazia, kwa sababu giza la jioni humzidishia wasiwasi, na safari za mlangoni zimepungua, ingawa hazijaisha.

Kinachotesa zaidi ni kwamba anarudi. Mwaka jana alibadilika ndani ya siku mbili. Akawa anakamata vitu hewani, analala mchana, haongei, hanijui hata kama dada yake. Jamaa wakasema ugonjwa umepanda, mmoja akataja jini. Nilikaa pembeni ya kitanda usiku kucha nikamwaga machozi yote niliyokuwa nayo. Asubuhi muuguzi wa zahanati akauliza swali moja tu: ilianza ghafla au polepole? Nikamwambia ghafla. Akaomba mkojo. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, bila homa na bila yeye kulalamika maumivu. Alikuwa anasahau kunywa maji. Akapewa antibiotiki, na baada ya wiki akawa amerudi pale alipokuwa. Mwenye mgonjwa ashike hili: ugonjwa wa kusahau huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya saa chache au siku mbili mara nyingi yana sababu nyingine, iwe mkojo, malaria, sukari au dawa mpya, na apelekwe siku hiyohiyo.

Nilifurahi? Nilifurahi. Na pia nilihisi kitu ambacho nimeona aibu kukisema mpaka leo: nilichoka. Nilikuwa nimeshamuaga, na sasa nilitakiwa kuanza upya kumuaga. Boss anasema msiba wa namna hii hauna kufungwa, na kwamba mtu hupumua anapoweza kushika maneno mawili pamoja, yupo na hayupo. Niliposoma hivyo nikaona ni mchezo wa maneno. Kisha siku moja nikamwambia mama mdogo, "Mama yupo. Yule aliyenilea hayupo." Akaweka chini ungo wa mchele, akalia kwa sauti. "Na mimi dada yangu simwoni," alisema. Miaka sita tulikuwa tumeketi jiko moja, kila mtu na kilio chake tumboni.

Siku ile tulitoa lile daftari la upatu kabatini. Hatukusoma hitima, mama yu hai, yuko hapohapo anapepeta mchele ulioachwa. Tulisoma majina tu, ukurasa kwa ukurasa, nani alipokea mwezi gani, na mama mdogo akawa anasimulia jinsi dada yake alivyokuwa akimfuata mdaiwa hadi sokoni. Kwenye jina moja mama akainua kichwa, akasema, "Huyo bado ana deni," akaendelea kupepeta.

Jana asubuhi aliniamkia tena. Nikaitika marahaba, nikamuuliza kama amelala vizuri.