Ukigonga ng'ombe, bima ndogo haitengenezi gari lako

Madereva wengi wanaamini kwamba ng'ombe akikatiza lami ukamgonga, mwenye kosa ni mfugaji, basi bima ndogo itatengeneza gari. Haitatengeneza. Bima ndogo hulipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine, na hata huyo mfugaji hulipwa tu ikithibitika kuwa kosa ni lako, tena hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Kwa maoni yangu mawakala wanachangia sana: wanauza stika wakisema "umeshakatiwa bima" bila kueleza kwamba bampa lako halimo.

Tuchukue IST ya shilingi milioni 15, inatoka Gairo kwenda Dodoma saa mbili usiku kwa mwendo wa 80. Taa fupi zinamulika mita 40 hadi 60 hivi. Kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limeshakwenda kama mita 33, na kusimama kwenye lami kavu kunadai nyingine 36. Jumla karibu 70. Ng'ombe mweusi aliyesimama katikati anaonekana wakati nafasi ya kusimama haipo tena. Kwa mwendo wa 60 zingetosha mita 45 hivi.

Tumbo la ng'ombe mkubwa liko juu ya usawa wa bampa la gari dogo. Gari hupiga miguu, kisha mwili mzima hulala juu ya boneti na kuja kwenye kioo cha mbele. Ndiyo maana ng'ombe anaua abiria. Mbuzi hufanya kinyume: huingia chini, akavunja bampa, rejeta na wakati mwingine sampu ya oili.

Mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, hapa analipwa, kwa sababu kugonga mnyama ni ajali kama kugonga mti, na halazimiki kuthibitisha kwamba mfugaji alizembea. Bima hiyo kwa gari binafsi huwa asilimia 3.5 ya thamani, yaani 525,000 kwa IST yetu kabla ya kodi, wakati bima ndogo ni 100,000. Tofauti ni kubwa, sikatai. Lakini anayepita njia za mifugo kila wiki ailinganishe na bei ya taa mbili, boneti, kioo na rejeta, si na bei ya stika.

Madai mengi huharibikia pale pale barabarani. Injini ikikubali kuwaka, dereva huliendesha gari hadi mji wa mbele huku maji ya rejeta yanamwagika. Injini inachemka, gasketi ya silinda hedi inaungua. Mkadiriaji wa hasara akifungua, anaona madhara mawili: rejeta iliyovunjwa na ng'ombe, na injini iliyounguzwa na dereva. La kwanza litalipwa, la pili litakataliwa. Zima injini, liite gari la kuvuta.

Kosa lingine ni kumlipa mfugaji papo hapo, au kusaini karatasi kwamba "nimekubali kulipa ng'ombe". Mikataba mingi inakataza kukiri kosa bila idhini ya kampuni, na kampuni ikishakulipa ina haki ya kumdai mfugaji kwa niaba yako. Ukimwandikia kwamba kosa ni lako, umeiharibia haki hiyo. Kundi la watu likikuzunguka, usibishane. Nenda kituo cha polisi kwa gari la mtu mwingine, mambo yaandikwe huko.

Kabla ya hapo, piga picha za mnyama alipoangukia, alama za matairi, na hereni ya sikioni au chapa, maana bila hizo mwenye mali hapatikani. Usilioshe gari. Manyoya na damu kwenye grili ndivyo vinavyothibitisha maelezo yako. Hili lina uzito zaidi kwa aliyekwepa asimguse mnyama, akaishia mtaroni: bima kubwa inaweza kumlipa, ila atahitaji shahidi, picha ya kundi la ng'ombe au angalau samadi mbichi barabarani, na ripoti ya polisi iliyochukuliwa mapema.

Kwa mbuzi, piga hesabu kwanza. Tuseme matengenezo ni 350,000, na mkataba unasema ubebe mwenyewe asilimia 10 ya hasara, isipungue 250,000. Kampuni itakupa 100,000, na mwaka ujao unapoteza punguzo la kutodai, lile la bei ya bima kwa ambaye hajadai. Kama punguzo lako linazidi hiyo laki moja, nunua bampa mwenyewe. Ila ajali utoe taarifa hata hivyo, kwani mwenye mbuzi anaweza kuibuka na madai baadaye, na mkataba unakutaka uwe umeshaiarifu kampuni.