Sapoti kila mahali ni uvivu tu, tuambiane ukweli

Wadau, jana nimeletewa kipande cha printa ya 3D kutoka kwa fundi mmoja hapa Kigoma mjini, nikabaki nakiangalia tu. Ni mshikio wa taa ya sola ya mtumbwini, kuna mzee wa Kibirizi anatoka usiku kufuata dagaa na amechoka taa kuning'inia kwa kamba. Waya unapita ndani ya mkono wa huo mshikio, tundu la mm 6, halafu unakunja kona kushuka chini. Sasa hilo tundu lote limejaa sapoti, zile nguzo za muda printa inazojenga kubeba sehemu zilizo hewani, unazitoa ikimaliza. Tena plastiki ya PETG, ile inavyong'ang'ania! Koleo haliingii, msumari unaishia kwenye kona. Nampigia ananiambia, "Braza, nimekuwekea sapoti kila mahali ili uwe salama." Salama ya nani sasa?

Slaisa, ile programu inayokata modeli kuwa leya za kuprinti, ukiiachia ijiamulie yenyewe inaangalia mteremko wa uso, basi. Haijui kama koleo lako litafika humo ndani, na hiyo ndo ilitakiwa iwe hoja ya kwanza kabla ya kuweka sapoti popote. Chukua hilo hilo tundu. Kuta za duara lililolala zinapanda zenyewe, shida ni kipande cha juu kabisa pale paa linapolala kuliko digrii 45, na kwenye tundu la mm 6 hicho kipande ni kama mm 4 upana. Printa yenye feni nzima inavuka mm 4 hewani bila presha. Paa litalegea kidogo, sawa, lakini waya ni mwembamba, unapita. Kwa hiyo jamaa kaweka sapoti mahali zisipohitajika na zisipotoka.

Ila kuna sehemu moja inazihitaji kweli. Mwisho wa mkono kuna pua inashuka chini kuzuia taa isichomoke, na chini ya hiyo pua, mbali kidogo, kuna kitako cha mshikio. Leya ya kwanza ya pua inaanzia hewani kabisa, haina cha kukalia, printa itamwaga nyuzi tu. Najua kuna mtu atasema si uweke `Support on build plate only`, sapoti zianzie kwenye bedi la printa tu, yaishe. Haya, tundu litapona kweli, hapo nakupa. Lakini sapoti ya pua lazima isimame juu ya kitako, si juu ya bedi, kwa hiyo umeokoa tundu umeua pua.

Mimi kwa kipande kama hiki naweka `For support enforcers only`, yaani slaisa ikae kimya mpaka niiambie (nazungumzia PrusaSlicer, ndo natumia). Kliki ya kulia kwenye modeli, `Add support enforcer`, `Box`, halafu nalipunguza boksi lifunike uso wa chini wa pua tu. Halihitaji kufika kitakoni, nguzo itashuka yenyewe. Na usilipandishe likala mpaka kwenye mkono, maana kila uso unaotazama chini ndani ya boksi utadai sapoti, hata ule ambao pembe yake ilikuwa inatosha kabisa kujibeba. Ukishakata leya nenda `Preview`, vuta ile slaida polepole, angalia vitu viwili: kipande gani kinatokea hewani bila kitu chini yake, na nguzo inakanyaga wapi, maana pale inapokanyaga itaacha makovu. Kitako hakionekani na mtu, acha ikanyage.

Bloka nazo zina kazi yake, sizidharau. Kinyago chenye mikunjo mia huwezi kukaa unaweka enfosa moja moja, hapo acha slaisa ijaze halafu `Add support blocker` kwenye matundu na sehemu za sura. Ila watu wanaielewa vibaya hii kitu. Bloka inazuia uso uliomo ndani yake kuomba sapoti, haizuii nguzo inayotoka juu kupita katikati yake. Ndo maana utakuta mtu analalamika kaweka bloka na sapoti bado zipo, kumbe kaiweka njiani badala ya kuiweka kwenye lile paa la juu linaloomba. Sehemu ndogo ndogo unaweza kupaka rangi kwa mausi, bonyeza `L`, kushoto unalazimisha sapoti, kulia unakataza.

Na sapoti za mti msiniletee, zinatoka kirahisi ndiyo, lakini tundu la mm 6 lenye kona zinaingia vile vile.

Sasa kipande kinarudiwa, rola ya filamenti inatoka Dar kwa basi na mzee anaulizia taa yake kila jioni. Safari hii fundi namtumia `.3mf` badala ya `.stl`, maana `.stl` inabeba umbo tu, enfosa na bloka zote zinabaki kwenye kompyuta yangu. Na nimemwambia kabisa, akiona sehemu nyingine ina sapoti zaidi ya pale chini ya pua, asibonyeze kuprinti, anipigie kwanza.